Naomba ushauri: ualimu wangu niuandike vipi hoteli ielewe?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimesomesha Baiolojia skuli moja ya Wete miaka 9, sasa naomba kazi ya kufundisha wafanyakazi wa hoteli Nungwi. Kwenye wasifu niliandika "kuandaa azimio la kazi", yaani mpango wa mada za kusomesha kwa muhula. Meneja akaniuliza azimio ndiyo nini. Nimebadilisha hivi: "Niliwapima wanafunzi 52 kabla ya mada, 31 hawakuweza kusoma grafu, nikapanga vipindi 6 vya vitendo, nikawapima tena, wakabaki 9." Nahisi hapo ataona kilichobadilika, si nilichosomesha tu.

Ila kusimamia zamu za chakula dakhalia, nikuite uongozi au nitaonekana natia chumvi? Na watu wazima sijawahi kuwasomesha: niseme mwenyewe, au ningoje niulizwe?