Tupeane uzoefu: mteja kakataa mzigo mlangoni, nauli ya boda analipa nani?

Muuza viatu, Kariakoo: Wakuu, wateja wangu wengi wanataka kulipa mzigo ukishawafikia. Juzi dada wa Mbagala aliagiza jozi ya 45,000, nauli 6,000 juu yake. Boda kafika, dada anasema hela imepata matumizi mengine, labda mwisho wa mwezi. Boda karudi na viatu, anadai 10,000 ya kwenda na kurudi. Faida yangu pale ilikuwa 9,000. Nyie mnafanyaje?

Mama Vijora: Natenganisha. Nauli inaingia M-Pesa kabla boda hajaondoka, hela ya nguo unalipa ukishaiona. Asiye na nia anapotea hapo hapo kwenye nauli. Ila wateja wapya wanaogopa kutapeliwa, wengine nimewakosa kwa sababu hiyo, siwezi kuficha.

Kaka Mkataba: Hakuna mjadala. Aliyeagiza alipe nauli zote mbili, kuagiza ni makubaliano.

Mnunuzi wa Kimara: Hata kama kaletewa kitu kingine? Niliagiza gauni la kijani, likaja la bluu. Nilikataa, muuzaji akazima simu, boda kasimama getini anataka chake. Nikampa nusu aondoke. Pale kosa lilikuwa la muuzaji, nauli zote zilikuwa zake.

Kaka Mkataba: Hapo sawa. Mimi nasema wale wanaobadilisha mawazo tu.

Mjomba wa Mbeya: Mimi mzigo ulikuja kwa basi, nimeshalipa kila kitu, ofisini wanadai hawauoni. Nani anirudishie?

Mama Vijora: Mjomba, hilo lako ni la mzigo kupotea. Mwambie aliyekutumia akupigie picha risiti aliyopewa pale ofisi ya basi, nenda nayo. Bila risiti watakuzungusha.

Boda wa Temeke: Mafuta yanaungua mzigo ukipokelewa au ukikataliwa, kwa hiyo boda alipwe na aliyemtuma, kisha nyie mdaiane. Mimi kabla ya kuwasha pikipiki nampigia mteja mwenyewe: upo, hela ipo, unashuka kituo gani? Asipopokea siondoki. Na muuzaji aniambie mapema kama mteja anaruhusiwa kufungua na kujaribu. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, mteja anataka kujaribu, mimi nimeambiwa hela kwanza.

Muuza viatu, Kariakoo: Boda nimemlipa 10,000 yake, hana kosa. Kuanzia sasa nauli mbele kwa wa mbali, na kwenye ujumbe naandika namba ya kiatu, rangi, bei, na nani analipa mzigo ukirudi. Kinachonisumbua bado ni mteja wa aina hii: kasema mwenyewe anavaa 39, kajaribu, kinambana. Hajadanganya, nami sijakosea.

Mama Vijora: Wa hivyo mpelekee 39 na 40 kwa safari moja, achague.

Boda wa Temeke: Sawa, ila mzigo wa jozi mbili bei yake tuongee.