Tupeane uzoefu: ulichokagua, au ulichosahau kukagua, kabla ya kulipia laptopu ya mtumba

Mama wa Kibaha

Jana jirani yangu aliniomba nimsindikize Kariakoo kununua laptopu ya mtumba, na tulipofika kwenye kaunta mapigo ya moyo yalinienda mbio, kwa sababu nilikumbuka yaliyonikuta mimi. Naomba tupeane uzoefu, nami naanza.

Nilinunua ThinkPad T480, ile yenye betri mbili, moja imefungwa ndani na nyingine huchomolewa kwa nyuma. Muuzaji aliiwasha ikiwa kwenye chaji, akanionyesha alama ya betri ikisoma 100%, nami nikajaribu vitufe vichache, nikatazama kioo, nikalipa. Wiki ya tatu nikaitwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya video. Umeme ulikatika tukiwa ndiyo kwanza tumesalimiana, lakini sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa intaneti nilikuwa natumia ya simu na betri zilikuwa zimejaa. Zilipita kama dakika 40. Nilikuwa naeleza jinsi nilivyosimamia hesabu za ofisi yetu ya zamani, jicho moja liko kwenye alama ya betri, inasoma 46%, mara kioo kikawa cheusi. Hapakutokea onyo lolote wala mashine haikupunguza mwanga. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma. Umeme uliporudi saa kumi jioni, wale waliokuwa wakinihoji walikuwa wameshamaliza na mtu wa mwisho, na kazi ile sikuipata.

Mpaka leo sielewi betri inayosoma 46% inazimaje ghafla namna ile.

Mgeni wa Ilala

Pole sana dada. Yangu ilizima ikisoma 30%, na muuzaji akaniambia ni tatizo la Windows.

Fundi wa Aggrey

Mama, pole kwa hasara hiyo, na jibu lake lipo. T480 hutumia kwanza betri ya nyuma, na ile ya nyuma inapokaribia kuisha ndipo huhamia ya ndani. Asilimia uliyoiona pale chini ni ya betri zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo ya nyuma ilikwisha, mashine ikahamia ya ndani iliyochoka, nayo ikashindwa kubeba mzigo wa video hata kwa sekunde chache. Ile 46% ilikuwa ni chaji iliyoandikwa kwenye hesabu ya betri ya ndani, ambayo kwa kweli haikuwepo.

Ukiwa dukani, fungua Command Prompt uandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili la battery-report.html. Lifungue, utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, kwa kila betri peke yake. Wiki hii nimeipima moja ambayo betri yake ya ndani ilianza na takriban 24,000 mWh na sasa inajaa 7,200 tu, yaani 30% ya uwezo wake wa mwanzo, ilhali alama ya pale chini inasoma 100% bila aibu, kwa sababu imejaa kile kilichobaki.

Baada ya hapo chomoa chaji, kisha chomoa betri ya nyuma huku mashine ikiwaka. Betri ya ndani ikiwa nzima, mashine itaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikifa papo hapo, umeshapata jibu ukiwa bado na fedha yako mfukoni.

Kijana wa Takwimu

Naheshimu maelezo ya fundi, lakini mambo ya kuchomoa betri mashine ikiwaka ni kumtisha muuzaji bure. Ripoti inatosha, na kwa diski, kwenye Windows ambazo bado zina wmic, kuna amri ya wmic diskdrive get status, ambayo ikileta OK unalipa na kuondoka.

Fundi wa Aggrey

Ndugu yangu, hapo nakupinga. Ile FULL CHARGE CAPACITY ni makadirio yanayotolewa na saketi iliyomo ndani ya betri, na nimeshakutana na betri zilizobadilishwa seli, saketi ikaandikwa upya, ripoti ikasoma kama betri mpya na CYCLE COUNT ikawa sifuri. Windows nayo ikiwekwa upya asubuhi, historia yote ya ripoti huanza asubuhi hiyo. Ripoti isome, lakini ithibitishe kwa kuiendesha mashine bila chaji kwa nusu saa, video ikicheza na mwanga ukiwa juu.

Kuhusu OK ya diski, hiyo hubadilika diski ikiwa imeshafika ukingoni. Tumia CrystalDiskInfo, uangalie Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Hiyo ya pili ikiwa zaidi ya sifuri, mimi mwenyewe siichukui.

Kijana wa Takwimu

Na muuzaji asiyekubali kuingiza programu kwenye mashine yake, utamfanyaje? Wengi hawakubali.

Mstaafu wa Moshi

Yangu ni kompyuta ya mezani, kwa hiyo ya betri hayanihusu, lakini ya diski yananihusu sana. Niliambiwa imetumika kidogo, ila Power On Hours zilisoma 18,000. Ofisi inayoiwasha saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufikisha saa 2,000, kwa hiyo ile ilikuwa kazi ya miaka 9. Naomba kuuliza, je, diski ya namna hiyo bado inafaa kuhifadhia picha za familia?

Msafiri wa Maskati

Mimi niliponzwa na kibodi. Vitufe vilikuwa vimebandikwa stika za herufi za Kiingereza, na chini yake kulikuwa na kibodi ya Kijerumani, ambako Z na Y hubadilishana nafasi. Windows ilipowekwa upya kwa lugha ya mashine, stika zikawa zinasema hivi na kioo kinaandika vile. Tazameni kitufe cha Enter. Kikiwa kirefu cha kushuka mistari miwili ilhali stika ni za Kimarekani, bandueni kidogo stika moja kwa ukucha muone kilichopo chini.

Dada wa Nakuru

Kwa kioo, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, halafu ufungue na kuufunga mfuniko polepole. Yangu ilikuwa nzuri ikisimama wima, lakini kila nilipoulaza nyuma kidogo mistari ilitokea, kwa kuwa waya unaopita kwenye bawaba ulikuwa umechubuka. Dukani mfuniko ulikuwa umesimama wima muda wote, nami sikuugusa.

Mama wa Kibaha

Fundi, Mungu akubariki, sasa nimeelewa. Leo mchana tumerudi na jirani yangu dukani tukafanya kama ulivyosema. Tulipochomoa betri ya nyuma, mashine ikazima hapohapo, na muuzaji, bila ubishi, akaenda ndani akaleta betri nyingine ya ndani, akafungua mfuniko wa chini mbele yetu na kuibadilisha. Safari hii haikuzima, na baada ya nusu saa ya video bila chaji ilikuwa imeshuka kwa kiasi kinachoeleweka.

Tulipohamishia waya wa chaji kwenye tundu la pili la USB-C, inachaji ukiushikilia tu, ukiuachia inakata. Muuzaji anasema tundu moja linatosha na anapunguza bei kidogo. Jirani yangu ameomba mpaka kesho. Fundi, hilo tundu hutengenezeka, au ni bodi nzima?