Wauza nguo za wajawazito, "saizi yako ya kabla ya ujauzito" ni saizi ya nani?

MamaKijacho
Wadau, nina hasira. Nimenunua mtandaoni suruali ya kitambaa kigumu na gauni la kazini. Maelezo ya duka: "Chagua saizi uliyokuwa ukivaa kabla ya ujauzito, nafasi ya tumbo tumeshaweka." Mimi nilikuwa 12, nikaagiza 12. Niko mwezi wa sita. Gauni tumboni linapwaya, lakini kifuani halifungi kabisa. Suruali imegoma mapajani, ile lastiki ya tumbo hata sijaifikia.

Naomba kurudisha, najibiwa kwamba nimechagua saizi isiyo sahihi, nilitakiwa kufuata jedwali la vipimo. Jedwali lenyewe halisemi kama ni vipimo vya mwili au vya nguo, vya zamani au vya leo! Mnatupa maagizo mawili yanayopingana, kisha lawama inabaki kwa mteja. Huu ni uonevu.

Shangazi_wa_Wote
Pole mwanangu. Dawa ni kuongeza saizi mbili juu, basi. Mimi mimba zangu zote nilivaa nguo za kawaida kubwa na nikajifungua salama.

FundiCherehani
Shangazi, shikamoo, ila hapo nakupinga kidogo. Ukipanda saizi mbili kwenye nguo ya kawaida, unapanua kila kitu: mabega yanashuka, makwapa yanalegea, na pindo la mbele linapanda kwa sababu tumbo limekula urefu. Nguo ya mjamzito hukatwa tofauti. Mabega yanabaki ya saizi ileile, kitambaa kinaongezwa mbele, na pande za mshono hufinywa marinda ili tumbo lipate pa kwenda.

Ndiyo maana wanasema saizi ya zamani. Wanakadiria kwamba kilichoongezeka ni tumbo, na kifua kidogo. Mwili ukikua kwingine, kadirio linavunjika. Dada mleta uzi, tuwekee vipimo vyako vya zamani, vya leo, na vya jedwali.

MamaKijacho
Zamani kifua sm 92, nyonga 99. Leo kifua 101, nyonga 103. Jedwali: saizi 12 ni 92 na 99, saizi 14 ni 97 na 104, saizi 16 ni 102 na 109.

FundiCherehani
Jedwali hilo linaelekea kuwa la mwili, maana 12 yao ni wewe yule wa zamani kamili. Suruali yako leo ni 14. Kiuno kisahau, pima nyonga pale palipojaa zaidi, na paja pia. Gauni, kwa kitambaa kisichovutika, ni 16 kwa ajili ya kifua. Ukipata cha kuvutika, 14 inaweza kukukaa vizuri na mabega yasikuangukie. Mwili mmoja, saizi mbili, na hakuna kosa lolote hapo.

Kuhusu nafasi ya kukua, itafute mbele tu. Litandaze gauni kitandani: upande wa mbele unapaswa kuuzidi wa nyuma. Ukilivaa leo na pindo liko sawa pande zote, tumbo likikua litapanda mbele. Suruali, kaa nayo. Lastiki ikikuachia alama nyekundu sasa hivi, mwezi wa nane hutaivaa.

Bintimrefu
Mimi nimejifungua, mtoto yuko kifuani muda wote. Saizi ya zamani itarudi lini?

NesiMstaafu
Bintimrefu, wewe una swali lako, lifungulie uzi. Fundi amesema vizuri, naongeza la sidiria. Mbavu nazo hutanuka mimba inapokua, si matiti tu. Ukinunua ukiwa mjamzito, ikukae ukiifunga kulabu za ndani kabisa, ili uwe unalegeza. Ya kunyonyeshea, ukiinunua mwishoni mwa mimba, ifunge kulabu za nje, kwa sababu mbavu zitarudi na utahitaji kukaza.

Mama_Pacha
Mimi nina mapacha, mwezi wa tano tu nguo zote za "nafasi tumeshaweka" zilinibana. Hayo makadirio ni ya mtoto mmoja, na hakuna duka lililoniambia.

MamaKijacho
Fundi, asante. Lakini nyonga iko 103 na 14 inaishia 104. Zikiongezeka tena?

FundiCherehani
Hilo sikudanganyi. Wengine nyonga husimama hapo, wengine huendelea. Chukua 14 ikiwa kitambaa kinavutika. Kikiwa kigumu kama hicho chako, mimi ningechukua 16 nikapunguza pembeni na kuacha kitambaa ndani ya mshono cha kufumulia baadaye.

Shangazi_wa_Wote
Si ndiyo saizi mbili nilizosema!

MamaKijacho
Shangazi, kwa suruali ngumu sawa. Ila mimi narudi kwa hao wauzaji. Nawaandikia tena leo, na vipimo vyote naviambatisha. Waandike juu ya jedwali: vipimo vya mwili, vya kabla ya mimba, na kifua kikizidi fuata kifua. Ni mstari mmoja tu. Wasipoandika, warudishe hela yangu.