Shoga yangu anamtumia pesa mchumba wa mtandaoni, nianzeje kuongea naye asinichukie?

Mama Dagaa
Habari za jioni wanajamvi. Niko Kigoma, biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi. Nina shoga yangu mjane, anauza mawese soko la Mwanga. Amepata mchumba Facebook, anajiita daktari wa Umoja wa Mataifa, eti yuko Yemen. Hawajaonana hata siku moja. Kwanza alimtumia laki tatu na nusu, ada ya kuombea likizo. Kisha ukaja mzigo wa zawadi uliokwama forodha uwanja wa ndege Dar, "wakala" akapokea laki tisa kwa namba yake ya simu. Sasa wanataka milioni mbili, na shoga anataka kuzikopa kwenye kikoba chetu, mimi niwe mdhamini. Binti yake alimwambia wazi kuwa huyo ni tapeli. Akajibiwa, "Alishanionya kuwa watu wangu watatuonea wivu." Sasa mama na mwana hawasemeshani. Mimi bado ananisikiliza. Nianzie wapi?

Mzee wa Katubuka
Dada, mwambie amtake huyo mwanaume apige simu ya video. Akikataa, kazi imeisha. Na picha zake zitafute kwa Google Lens, umwekee mbele ya macho.

Mwanakigoma
Mimi niliwahi kukosea namba nikatuma pesa kwa mtu mwingine. Nilipiga huduma kwa wateja upesi, ikarudi. Apige leo leo.

Bi Ustawi
Mwanakigoma, pole, lakini huyu hajakosea namba. Ametuma kwa hiari yake, na bado anaamini.

Mzee wangu, picha ni wazo zuri, ila shida ni nani anayezipeleka. Mama Dagaa akizipeleka yeye, jioni ile ile shoga atamuuliza mchumba, naye atajibu kuwa picha zake zimeibwa. Video nayo si kipimo tena. Wana njia za kuvaa sura ya mtu mwingine, au wanaonyesha sekunde chache halafu "mtandao umekata". Akifaulu mtihani huo, mmemwongezea nguvu.

Mama Dagaa, huyo mtu amekwisha kumwandaa rafiki yako dhidi yenu. Ukimshambulia mchumba, unatimiza alichotabiri. Kwa hiyo mchumba mwache kabisa, zungumzia njia ya malipo. Mtafute mkiwa wawili tu, simu yake ikiwa imetulia. Muulize kwa kutaka kujua: "Shoga, ile laki tisa ya forodha walikupa kontroli namba?" Ushuru wa serikali unalipwa kwa kontroli namba, hauendi kwenye simu ya mtu. Anailipia kila siku, anaijua. Ukishauliza, nyamaza. Usimjibie.

Akisema hawakumpa, mwambie: "Basi hii ya sasa waombe, tuipeleke ofisi ya TRA hapa mjini waiangalie kabla hujalipa." Hapo yeye ndiye anayekagua. Wakala atakasirika, atasema mzigo unataifishwa kesho, au atatuma karatasi ya kughushi. Ofisini ataambiwa na mtu ambaye mchumba hawezi kusema ana wivu.

Akianza kukuuliza "wewe ungefanyaje?", ujue shaka imeingia. Usirukie kusema "si unaona!" Anaweza kumrudia mchumba usiku huo huo, maana ndiye anayemuuliza kila siku kama amekula.

Dereva Kasulu
Nimeendesha magari ya mashirika kambi ya Nyarugusu. Likizo ya mfanyakazi haiombewi kwa pesa ya mchumba. Kama shoga anamjua mtu aliyefanya kazi kambini, amuulize tu likizo zao zinakuwaje, jina la daktari lisitajwe.

Mama Dagaa
Asanteni. Na udhamini je? Nikikataa ataona nimemgeuka.

Bi Ustawi
Kataa mkopo, usimkatae yeye. "Pesa ya kuongeza madumu ya mawese nakudhamini hata kesho. Hii inayokwenda kwa mtu tusiyemwona siwezi." Sema mara moja, bila hotuba, kisha endelea kumtembelea. Siku akizinduka atakuwa na aibu kubwa, na atahitaji mahali pa kwenda asipochekwa. Mkifika hapo, msifute ujumbe wala risiti za miamala, mzipeleke polisi, na namba za hao matapeli mzitume 15040. Atakayejitokeza kuahidi kurudisha pesa kwa "ada kidogo" ni tapeli pia.

Mzee wa Katubuka
Nimekuelewa kwenye video. Ila mweka hazina wa kikoba lazima aambiwe. Ile ni pesa ya akina mama wote.

Bi Ustawi
Hapo napata kigugumizi. Akiambiwa kwa siri na ikavuja, Mama Dagaa amempoteza rafiki. Asipoambiwa, mdhamini mwingine anaweza kupatikana.

Mama Dagaa
Kikao cha kikoba ni Jumamosi. Kesho nampitia sokoni tufunge biashara pamoja, nimuulize la kontroli namba. La mweka hazina bado linanikaba. Waliowahi kukaa kwenye kikundi chenye jambo kama hili, mlifanyaje?