Mashine ya kusugua sakafu, dola 6,800: bajeti yangu imekaa sawa?

Mama Nuru, Columbus

Asalaam aleykum ndugu zangu. Kikampuni changu cha usafi kimepata jengo la kliniki, sakafu ya vinaili kama futi za mraba 12,000, usiku tano kwa wiki. Tumekuwa tukipiga mopu. Sasa nataka mashine ya kusukuma kwa mkono, ile inayomwaga maji, inasugua na kuyafyonza papo hapo. Bei pamoja na kodi, usafirishaji na pedi za kuanzia ni dola 6,800. Inaniokolea saa moja ya mfanyakazi kila usiku. Saa hiyo, ukiweka mshahara, kodi za mwajiri na bima, inanigharimu dola 20. Kwa usiku 250 ni dola 5,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka na miezi minne pesa imerudi, au siyo?

Bakari

Dada, umesahau uchakavu. Mashine ikidumu miaka mitano na mwishoni ukaiuza kwa 800, inachakaa 1,200 kila mwaka. Toa hizo kwenye 5,000, unabaki na 3,800. Itachukua karibu miaka miwili.

Mzee Shee

Bakari, hesabu ya uchakavu umeipata, ila mahali pake sipo hapo. Dola 6,800 zinatoka mfukoni siku moja tu. Ukizipanga upande wa gharama, kisha ukatoa tena 1,200 kila mwaka, umeilipia mashine mara mbili. Uchakavu utamfaa Mama Nuru atakapopanga bei ya mkataba, ili mashine ikifa awe ameshakusanya ya kununulia nyingine. Swali la pesa itarudi lini linataka pesa inayoingia na kutoka kweli.

Na inayotoka ipo, mama, hukuiandika. Pedi, sabuni, mipira ya nyuma inayokokota maji na fundi mara moja moja, weka 700 kwa mwaka. Halafu betri. Mashine za namna hii nyingi ni volti 24, betri nne za volti sita, na zile za maji ukizitunza zinakwenda kama miaka mitatu. Seti nzima weka 900, kwa hiyo tenga 300 kila mwaka. Sasa 5,000 toa 1,000 unabaki na 4,000, na pesa inarudi baada ya miezi ishirini hivi.

Betri ndizo zinazovunja bajeti za watu. Mfanyakazi akimaliza zamu bila kuichomeka chaja, betri zikalala tupu wikiendi nzima, risasi ndani inaota ukoko na chaji inapungua moja kwa moja. Maji ya betri yanaongezwa baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, yanapanda na kumwagika na asidi. Kabla hazijaanza kuchaji, hakikisha tu maji yamefunika sahani.

Mama Nuru

Shikamoo mzee, ahsante. Mhasibu ameniambia kwa kifungu cha 179 cha sheria ya kodi naweza kukata bei yote mwaka huu, fomu 4562. Si ni kama IRS wananilipia?

Mzee Shee

Marahaba. Hapana. Inapunguza faida inayotozwa kodi, hairudishi bei. Kama kiwango chako ni asilimia 22, kila dola 100 unayokata inakuokolea 22 za kodi ya mapato. Mwaka ukiwa na faida ndogo, msaada nao ni mdogo. Miaka ijayo hutakuwa na uchakavu wa kukata tena.

Mimi ninaogopa kitu kingine. Mkataba wa kliniki ni wa muda gani?

Mama Nuru

Mwaka mmoja, na wanaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30.

Mzee Shee

Basi miezi ishirini imepita mkataba. Wakikutoa baada ya mwaka, kwa ule uchakavu wa Bakari wa 1,200 vitabu vitasema mashine ina thamani ya 5,600, lakini mnunuzi wa mitandaoni huenda asikupe hata nusu. Na ile saa moja: umeshaitoa kwenye ratiba, au mfanyakazi bado analipwa zamu ile ile? Akilipwa vile vile, hujaokoa senti.

Juma

Samahani kuingilia. Nami ninataka kununua moja kuukuu niipeleke Mombasa kwa hoteli ya shemeji. Itafaa?

Bakari

Juma, chaja ya hapa nyingi ni volti 120, kule umeme ni 240. Angalia kibandiko cha chaja kwanza. Na usinunue kuukuu kwa kuiwasha tu. Isugue sakafu saa nzima. Ikiacha mistari ya maji ni mpira umekwisha, huo ni wa bei ndogo. Ikianza kuchoka dakika ya ishirini, ni betri.

Mama Nuru

Mzee, saa hiyo bado iko kwenye zamu. Kijana ana saa nne za uhakika, siwezi kumpunguzia bila kumtafutia jengo lingine. Kuna ofisi ya meno jirani inataka bei. Nikiipata, saa hiyo inahamia kule.

Mzee Shee

Hapo sawa, lakini bajeti iandike upya na majengo mawili. Ya meno iweke tu ikishasainiwa. Kwa sasa ulizia kukodi kwa mwezi.

Bakari

Mimi ningenunua kuukuu, mzee. Ukikodi miezi sita unaweza kuwa umefika nusu ya bei.

Mzee Shee

Labda. Lete bei za kukodi kwanza, kisha tubishane.