Watu 21 waliniambia watanunua tui langu, walionunua ni wanne. Nilikosea wapi kuuliza?

Binti_Makorora

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, Makorora. Nilipata wazo la kuuza tui la nazi lililokamuliwa tayari, nusu lita kwenye mfuko, linakaa kwenye friji, mteja anachukua anakwenda kupika. Sikutaka kukurupuka, nikasema nifanye utafiti wa soko kwanza. Nikabeba daftari, nikazunguka Ngamiani na Mgandini siku tatu, nikahoji watu 23: mama ntilie na akina mama wa majumbani.

Niliuliza hivi:

"Kukuna nazi kila siku si kunachosha?"
"Ukipata tui safi, zito, limekamuliwa tayari, hutanunua?"
"Kwa shilingi 2,000 utaona ni sawa?"

Watu 21 wakasema watanunua. Wengine wakaniombea na dua kabisa. Nikakopa kwenye kikundi, nikanunua friji la mtumba. Wiki ya kwanza nilitengeneza mifuko 40, ikatoka 9. Kati ya wale 21 walionunua ni wanne, na wawili ni majirani zangu. Tulikula wali wa nazi mpaka mwanangu akaniuliza kama kuna harusi.

Nataka kurudi kuwahoji upya kabla sijaliuza friji. Niulizeje? Au watu wa kwetu ni waongo tu?

Kasa_Mkavu

Pole dada. Tatizo ni kwamba tui kwenye friji linajitenga, mafuta juu maji chini, mteja akiliona anadhani limechacha. Ligandishe kabisa liwe barafu. Na weka bango barabarani.

Binti_Makorora

Asante kaka, la kugandisha nitalijaribu. Ila swali langu ni la mahojiano. Sikujua kama kujitenga kunawasumbua, maana hakuna aliyeniambia.

Mwl_Mabawa

Hakuna aliyekuambia kwa sababu maswali yako yote jibu lake ni ndiyo au hapana. Tumia maswali ya wazi: "Unalipenda tui langu kiasi gani?", "Ungependa kununua mara ngapi kwa wiki?", "Kwa nini hununui tui la tayari?" Hapo mtu atajieleza mwenyewe, na wewe utapata maelezo badala ya alama za vema.

Bi_Daftari

Mwalimu shikamoo. Umepatia nusu. Hayo yako hayajibiwi ndiyo wala hapana, lakini jibu liko ndani yake bado. "Unalipenda kiasi gani" imeshaamua kwamba analipenda, kilichobaki ni kupima tu. "Ungependa mara ngapi" imeshaamua kwamba atanunua. Na "kwa nini hununui" kwa mtu wa pwani inaingia kama lawama, ataanza kujitetea. Atakwambia pesa hakuna, ambayo haikuumizi wewe wala haimwaibishi yeye, na hutajua sababu yenyewe.

Binti, nimefanya kazi ya kuhoji watu miaka 11, maziwa, sabuni, vyandarua, nyumba kwa nyumba. Hao 21 hawakukudanganya. Walikustahi. Mtoto wa watu umepigwa jua, daftari mkononi, unamuuliza "hutanunua?" Mama gani wa Ngamiani atakutazama usoni akwambie hapana?

Tazama swali lako la kwanza. Hilo "si" ndilo lililokuharibia. Kiswahili chetu kimejaa vijineno hivi, "si", "au siyo", "eti", "hata wewe", tunavitia bila kujijua, na kila kimoja kinamwambia mtu jibu unalolitaka. La pili limelisifia tui mara tatu, safi, zito, tayari, kabla hajaliona. Na juu ya hayo unamuuliza mambo ya kesho. Kesho ya mtu ni nzuri siku zote. Kesho sote tunaamka alfajiri.

Muulize jana. "Mara ya mwisho kupika kitu cha nazi ilikuwa lini?" Akikujibu, "Nisimulie, toka nazi ilipoingia mkononi mpaka tui likaingia sufuriani." Basi. Usitaje tui la mfuko, usiende na mfuko, friji usilitaje. Akijua unauza nini, kuanzia hapo anakujibu wewe, si swali. Mwambie unataka kujua watu wanavyopika na nazi, na ni kweli.

Akinyamaza, nyamaza nawe. Hesabu kimoyomoyo mpaka nane. Hapo ndipo wahojaji wachanga wanaponifelia: kimya kinawawasha, wanamtafunia mtu jibu. Akisema "inasumbua", usimuulize "kwa sababu inachukua muda, eeh?" Mrudishie neno lake lilelile: "Inasumbua?" Ataendelea mwenyewe.

Bei pia usimuulize angelipa ngapi. Muulize jana nazi zilimgharimu kiasi gani mpaka kukunwa.

Mkulima_Muheza

Hili la jana nalithibitisha. Mimi ni wa machungwa. Niliwahi kuwauliza wachuuzi wa stendi kama watataka machungwa yaliyochambuliwa makubwa kwa madogo, wote wakasema ndiyo, tena haraka. Nikachambua gunia kwa gunia, hawakuongeza hata shilingi. Baadaye nikiwa nimekaa na mmoja tunapiga soga tu, akanisimulia alivyouza siku ile: makubwa anayapanga juu, madogo chini, bei moja. Mchanganyiko ndio faida yake! Mimi nilikuwa namwondolea faida na kumdai pesa.

Fundi_Baiskeli

Mnazunguka sana. Maneno ni maneno. Chukua oda na pesa nusu mbele, anayetoa ndiye mteja, asiyetoa umestahiwa. Mahojiano ya nini?

Bi_Daftari

Fundi, pesa mbele itakwambia nani hanunui. Haitakwambia kwa nini, wala angenunua nini badala yake. Yeye ameshajua kwamba hawanunui, ana mifuko 31 ya ushahidi.

Fundi_Baiskeli

Na simulizi za jana zitamlipia mkopo wa kikundi? Haya, tutaona.

Binti_Makorora

Wakuu nimerudi. Siku nne nimehoji saba tu, maana mmoja anaweza kusimulia nusu saa. Mama mmoja wa Mgandini alikubali nirekodi kwa simu. Nimeandika kipande:

Mimi: Mama, mara ya mwisho kupika kitu cha nazi ilikuwa lini?
Yeye: Si jana tu. Maharage na wali.
Mimi: Hebu nisimulie, toka nazi ilipoingia mkononi mpaka tui likaingia sufuriani.
Yeye: Nilichukua sita sokoni. Pale pana kijana ana mashine, anakukunia palepale, mia mia. Nikaja nayo kwenye beseni, nikakamua hapa.
Mimi: (kimya)
Yeye: Moja ilikuwa mbovu, akanibadilishia. Sasa Ijumaa foleni ilikuwa ndefu, nikazibeba nzima. Kuvunja hapa, mbili zimeoza. Nani anakubadilishia tena? Wali ukawa mweupe tu, hauna nazi, na wateja wanajua.
Mimi: Kwa hiyo siku ile kama ungekuwa na tui la tayari lingekusaidia, au siyo?
Yeye: Eeh, lingenisaidia sana mwanangu.

Nilifurahi kweli, nikaona wazo langu bado lina uhai.

Bi_Daftari

Ulikuwa umeshafika mlangoni, ukaondoka. Mstari wako wa mwisho na jibu lake vifute, havina kazi. "Au siyo" imerudi, na yeye kakustahi tena, sikia hilo "mwanangu".

Lakini juu yake kuna mali. Kwanza, yeye hakuni. Shida uliyoijengea biashara hana, anailipia mia. Piga hesabu yake, nazi anachukua kwa ngapi?

Binti_Makorora

800 anavyochukua nyingi.

Bi_Daftari

Nazi mbili 1,600, kukuna 200, jumla 1,800. Anapata tui zito la kutosha mfuko wako, anatia maji anakamua tena tui jepesi la kuanzia kuchemshia maharage, na machicha yanakwenda kwa kuku. Wewe ulimwuzia la kwanza tu kwa 2,000, ukamwondolea mengine yote.

Pili, Ijumaa. Pale alipomaliza kusema wateja wanajua, ulitakiwa uulize maneno mawili: "Ukafanyaje?" Kile alichokifanya ndicho unachoshindana nacho. Rudi umuulize.

Binti_Makorora

Nimerudi leo asubuhi. Alimtuma mtoto kwa shoga yake wa kibanda cha pili, akaazima bakuli la tui, kesho yake akarudisha nazi mbili. Nikamuuliza kama aliwahi kutumia tui lililokamuliwa na mtu mwingine. Akasema la shoga yake, mara kwa mara. Nikanyamaza (nilifika sita tu). Akasema: "La mtu nisiyemwona akikamua sitii kwenye sufuria yangu. Nitajuaje ametia maji kiasi gani?"

Katika saba, watatu wametaja maji bila kuulizwa. Kujitenga kwenye friji ametaja mmoja, na yeye pia alidhani ni maji.

Kasa_Mkavu

Si nilisema linajitenga!

Mwl_Mabawa

Bi Daftari, nakubali la lawama. Lakini hilo la "uliwahi kutumia" si ni swali la ndiyo na hapana? Mbona limezaa?

Bi_Daftari

Ni la ndiyo na hapana, na halina ubaya, kwa sababu linauliza jambo lililotokea na majibu yote mawili yana heshima sawa. Kufunga swali si dhambi. Dhambi ni kumwonyesha mlango wa kutokea.

Binti, hao saba ni wa aina gani?

Binti_Makorora

Watano mama ntilie, wawili wa majumbani. Wa majumbani habari yao nyingine kabisa, wanapika nazi moja, mashine ya sokoni mbali, wanakuna kwa mbuzi nyumbani. Mmoja anafanya kazi bandarini, anarudi magharibi.

Bi_Daftari

Usiwachanganye kwenye daftari moja. Endelea na wa majumbani peke yao mpaka uone watatu wanne mfululizo hawakwambii jipya. Mimi mara nyingi nafikia hapo kwa watu wanane mpaka kumi na mbili.

Mkulima_Muheza

Mimi naona auze friji anunue mashine ya kukunia, aweke foleni ya pili pale sokoni siku ya Ijumaa.

Bi_Daftari

Kwa mdomo wa mama mmoja? Foleni kaitaja huyo tu. Binti, sikiliza rekodi nyingine, hesabu ni wangapi wamesimulia foleni bila wewe kuwauliza.

Binti_Makorora

Rekodi ninazo mbili tu, wengine hawakutaka simu. Na swali la mwisho: nilimpelekea yule mama sukari kilo moja kwa kumpotezea muda. Nimeharibu?

Fundi_Baiskeli

Umeharibu. Sasa atakusifia mpaka Ramadhani.

Bi_Daftari

Mimi hutoa baada ya kumaliza, na siahidi mapema. Ila wenzangu wengine hawatoi kabisa, na hatujawahi kukubaliana. Kesho unakwenda kwa nani?

Binti_Makorora

Yule wa bandarini. Amesema niende saa moja usiku, atakuwa anakuna.