Tupeane uzoefu: video yako ya keki ya bethdei, kichwa na maelezo uliandikaje hadi watu wakaipata?

Mama Nasra
Habari za jioni jamani. Nina video ya keki ya bethdei niliyopika kwa jiko la mkaa, ila kila nikikaa kuandika kichwa naishia "Keki tamu sana ya mtoto wangu". Wenye chaneli za mapishi, mliandika nini hadi mtu asiyewajua akaifikia kwa kutafuta? Vipimo mnaviweka wapi? Na haya ya keki kuzama au kuungua, mnayataja au mnaogopa kufukuza wateja?

Fundi Keki
Dada, kama una video ya zamani, ingia YouTube Studio, sehemu ya takwimu, uangalie waliotoka `YouTube search`. Pale yanaonekana maneno waliyoandika wenyewe. Kwangu neno "tamu" halikuwemo. Walikuwa wanaandika vipimo, jiko walilonalo, na tatizo lililowakuta.

Kwenye vipimo kuna mtego. Video yangu moja niliiita keki ya kilo moja, nikapata watu wa aina mbili wanaogombana kwenye maoni. Anayeagiza keki akisema kilo moja anamaanisha uzito wa keki ikiwa mezani. Anayepika nyumbani anamaanisha kilo moja ya unga, na huyo akimwaga yote kwenye sufuria ya kawaida, rojo linamwagika pembeni.

Piga hesabu na keki hii: unga robo kilo, siagi robo kilo, sukari gramu 200, mayai 5 (yai moja bila ganda ni kama gramu 50), maziwa mililita 60. Rojo tayari limepita kilo moja kidogo. Likiiva linapoteza maji, lakini bado keki inakaribia kilo, na krimu hujapaka. Kwa hiyo keki ya "robo kilo" na keki ya "kilo moja" zinaweza kuwa keki ileile! Siku hizi kwenye kichwa naandika `unga robo kilo`, na uzito wa keki iliyoiva nautaja ndani ya maelezo. Ugomvi umeisha.

Kijana wa Ubungo
Mnazunguka tu. Siri ni tagi. Ukijaza nafasi yote ya herufi 500, andika keki, cake, birthday, mapishi, harusi, pilau, kila kitu, video inapaa. Mimi nazibandika hata chini ya maelezo.

Fundi Keki
Mdogo wangu, YouTube wenyewe wameeleza kwamba tagi zina mchango mdogo, na zinafaa zaidi kwa maneno ambayo watu huyakosea. Kwa hiyo weka `bethdei`, `besdei`, `keki bila oveni`, inatosha. Kurundika tagi kwenye maelezo wameikataza, video inaweza kuondolewa. Na pilau imeingiaje kwenye keki?

Kijana wa Ubungo
Kwangu zilifanya kazi, kaka. Sibishani.

Halima wa Mvita
Hamjambo. Mimi niongee kuhusu oveni. "Bila oveni" peke yake ni neno pana mno. Mtu ana gesi ya mezani, anafungua video, anakuta makaa, anaondoka sekunde za mwanzo. Ukitazama ule mchoro wa watazamaji waliobaki, unaona umeporomoka palepale. Tangu nilipoanza kutaja jiko lenyewe kwenye kichwa, wanaokuja ni wachache kidogo lakini wanakaa.

Na kila jiko lina maelezo yake. Kwa makaa, moto mwingi unakaa juu ya mfuniko, chini unabakiza vipande vichache, maana sehemu ya chini ndiyo inayogusana na moto na ndiyo huwahi kuungua. Kwa gesi huna moto wa juu, basi unatumia sufuria kubwa nzito, unatandaza chumvi au mchanga mkavu, unaweka kistendi, unafunika ipate joto kama dakika 10, ndipo unaingiza chombo cha keki na kushusha moto. Keki ya gesi hutoka na uso mweupe hata ikiwa imeiva vizuri. Liandike hilo kwenye maelezo, la sivyo watu wataendelea kupika wakisubiri rangi mpaka chini kuwe kweusi.

Ila kama video inaonyesha makaa tu, usiandike gesi kwenye kichwa. Weka mstari mmoja ndani ya maelezo, basi.

Baba Junior
Samahani naingilia. Mimi sina chaneli, nina keki ya mtoto hapa. Imezama katikati, pembeni imeiva. Nilifunua kuchungulia tu. Beking pauda niliongeza kidogo ili ipande. Inaokoleka?

Fundi Keki
Chomeka kijiti katikati. Kikitoka na rojo, haijaiva; ulipofunua joto lilikimbia kabla haijashikamana. Kikitoka kikavu na juu kulikuwa kumepanda haraka, kumepasuka, kisha kukashuka, mshukiwa ni beking pauda. Iliyoiva kata juu ilingane, shimo lijaze krimu, mtoto hatajua.

Mama Nasra, umeona alivyoandika? "Imezama katikati, pembeni imeiva." Hakuandika "changamoto za uokaji". Maneno hayohayo yachukue uyape nafasi ndani ya video. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

```
Keki ya birthday bila oven: jiko la mkaa, unga robo kilo, mayai 5

Unga 250 g (vikombe 2), siagi 250 g, sukari 200 g (kikombe 1),
mayai 5, maziwa 60 ml, baking powder vijiko 2 vya chai, vanila
Kikombe = 250 ml. Keki ikiiva inakaribia kilo 1.

0:00 Keki ilivyotoka
0:25 Vipimo
2:10 Kuchanganya
5:40 Kupanga makaa juu na chini
8:15 Kwa nini keki inazama katikati
9:30 Keki imeungua chini, ndani mbichi
```

Mstari wa muda wa kwanza lazima uwe `0:00`, iwe mistari mitatu au zaidi kwa mpangilio, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Vinginevyo YouTube haigawi video. Vipimo vikae juu kabisa, kwa sababu kwenye simu maelezo yanakatwa baada ya mistari michache, na mtu yuko jikoni, mikono ina unga.

Mama Nasra
Asante kaka. Sasa yangu chini iliungua kidogo kweli, nikaikwangua. Nikiweka hicho kipande cha 9:30 si najianika?

Halima wa Mvita
Kionyeshe, dada. Geuza keki, waone palipoungua, kisha waone makaa ya chini yalikuwa mangapi. Mwenye tatizo hilo atatazama hapo kuliko kote.

Mama wa Maagizo
Mimi nauza keki na siungi mkono. Kuna mteja aliahirisha agizo baada ya kuona kipande kama hicho kwenye video yangu. Makosa nayaweka kwenye video nyingine, na keki ya majaribio, siyo yenye jina la mtoto wa mtu juu yake.

Halima wa Mvita
Hapo kwa muuzaji sikatai. Lakini Mama Nasra hauzi.

Mama Nasra
Nauza kidogo, kwa majirani.

Baba Junior
Kijiti kimetoka kikavu. Krimu ya kujaza shimo ni kiasi gani?